Sifuri iliyokaa mahali pa o: anwani ya muuzaji utaijuaje kama ni yake

*"Asalaam alaykum mtaalamu. Mie niko Mkoani, Pemba, naagiza mashine za boti kutoka Dubai, na muuzaji wangu tunafanya nae kazi miaka. Juzi imeingia imeili kwamba wamebadilisha akaunti ya benki, nitume dola 6,400 kwenye hiyo mpya. Maongezi yetu yote ya nyuma yako chini ya hiyo hiyo imeili, hadi tulivyovutana bei. Kijana wangu ofisini anasema anwani si ile, eti o moja ni sifuri. Mie nimekodoa macho kwenye simu naona sawa tu. Nani mkweli, na mtu atatambuaje? Pesa bado sijatuma."*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kijana wako ndo mkweli, na hizo pesa zikae hapo hapo zilipo. Anwani mbili ulizonitumia nimezipanga hapa chini, ila jina la muuzaji nimelibadilisha nisimuanike mtu, na mwisho nimeweka .example, huu ni mwisho uliotengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano tu, hauuzwi, kwaiyo hata mtu akibonyeza haendi popote.

```
sales@molomarine.example
sales@mol0marine.example
```

Ya juu ni ile unayoijua, ya chini ndo iliyokuletea habari ya akaunti mpya. Tazama herufi ya nne baada ya @. Hapa nimeziandika kwa fonti ile ambayo kila herufi inachukua upana mmoja, afu moja juu ya nyengine, bas inaonekana. Kwenye simu yako huioni si kwa sababu macho mabovu, huioni kwa sababu unasoma neno, husomi herufi, na jicho likishalijua neno "molomarine" linajaza lenyewe kilichobaki. Ndo mana ule ushauri wa "kuwa makini na anwani" mie siupendi kabisa, mtu hawezi kuwa makini na kitu ambacho jicho lake lishaamua kwamba kipo sawa. Kuna njia za kulitoa jicho kwenye hiyo kazi na ntakuonesha, lakini kwanza ujue hawa watu wanapita wapi.

Jina la domeini, yaani lile linalofuata baada ya @, linaruhusiwa kuwa na herufi a mpaka z, tarakimu 0 mpaka 9, na kistari, jumla alama 37, hakuna jengine kwenye majina ya kawaida. Kwa kompyuta sifuri na o hazifanani hata kidogo, ndani yake o ndogo ni namba 111 na sifuri ni namba 48, kwaiyo molomarine na mol0marine kwake ni majina mawili tofauti kama Wete na Makunduchi. Anaeuza majina hatazami kama jina linafanana na la mtu, anatazama tu kama limeshachukuliwa au la. Likiwa huru unalipa, na jina la .com kwa mwaka ni kiasi cha dola 10 hadi 15, dakika chache tu lishakuwa lako na unalitumia kupokea na kutuma imeili. Mwizi wako hajavunja chochote hapo, kanunua jina dukani kama mtu mwengine yeyote.

Na hii ndo sababu imeili yake haikuingia kwenye foloda ya takataka. Ukiifungua kwenye Gmail ya kompyuta ukabonyeza vile vidoti vitatu na kuchagua Show original, utakuta pameandikwa SPF PASS, DKIM PASS, na huenda hata DMARC PASS. Watu wengi wakiona PASS tatu wanapumua. Lakini zile hukagua jambo moja tu, kwamba imeili iliyosema imetoka mol0marine kweli imetoka mol0marine, na kweli imetoka huko! Hazikwambii kama mol0marine ndie mtu wako. Kufuli kwenye brauza nalo ni hivyo hivyo, cheti chake siku hizi kinapatikana bure, na mwenye jina la uongo anakipata sawa na mwenye jina la kweli.

Sasa tuje kwenye kuona. Simu kwanza, mana hapo ndo ulipokwama. Programu ya imeili kwenye simu inakuonesha jina la mtumaji tu, "Molo Marine Sales", na hilo jina mtu anajiandikia atakalo, hata akitaka jina lako wewe anaandika. Kwenye Gmail gusa pale palipoandikwa "to me" chini ya jina, anwani kamili inatokea. Ikishatokea usiisome kama neno, tafuta o ilosimama. Kwenye fonti nyingi za simu o ndogo ni fupi na ya mviringo, kimo chake sawa na a na e, wakati sifuri ni nyembamba na ndefu, inafika juu sawa na l. Kwaiyo katika mol0marine hiyo sifuri inapanda mpaka kimo cha ile l ilokuwa kabla yake, kuna kilima pale ambapo pangekuwa bonde. Ukishaiona mara moja kwa namna hiyo hutoacha kuiona.

Ila hiyo ni kwenye anwani ya mtumaji pale juu tu. Kwenye mwili wa imeili usitazame kabisa, mana pale mwandishi ndie anaechagua fonti na ukubwa. Kuna fonti kama Georgia ambayo tarakimu zake ni za mtindo wa kizamani, sifuri yake ni fupi, kimo kimoja na o, na hapo hata mie nikivaa miwani mbili sitoboi. Au anaandika kwa herufi kubwa, SALES@MOL0MARINE, ambapo O kubwa na sifuri zinakaribia kulingana. Rudi kwenye ile imeili yako utazame sahihi pale mwisho, kama anwani imeandikwa kwa herufi kubwa tupu wakati zamani ilikuwa ndogo, hilo si pambo.

Herufi kubwa zina mchezo mwengine ambao ni mbaya kuliko sifuri. Domeini haitofautishi kubwa na ndogo, MOLO na molo ni jina moja. Kwaiyo mwizi ananunua moiomarine, yenye i mahali pa l, afu kwenye imeili anaiandika hivi:

```
sales@moIomarine.example
```

Hiyo ni I kubwa. Kwenye fonti nyingi za simu I kubwa na l ndogo ni kijiti kile kile, huna cha kutafuta, kilima hakuna. Dawa yake ni kuilazimisha ijitangaze. Ikopi anwani, ipeisti kwenye Word, uiteue, afu bonyeza Shift na F3 mpaka zote ziwe ndogo, i itaota kidoti chake pale pale. Kwenye brauza huna haja ya hilo, mstari wa anwani wenyewe unageuza jina la saiti kuwa herufi ndogo, ndo mana mchezo huu unauona zaidi kwenye imeili na wasap kuliko juu ya brauza.

Nyengine ninazoziona mara kwa mara ni r na n zilizobanwa zikawa m (rnolomarine, ukisoma haraka hushtuki), v mbili kuwa w, moja mahali pa l, na herufi mbili kubadilishana nafasi katikati ya neno, kama molomraine. Hii ya kubadilishana nafasi watu wanaidharau lakini kwa jicho la mtu mzoefu ndo inayopita kirahisi kuliko zote, mana herufi ni zile zile, hakuna ngeni ya kukushtua. Kuna na ile ya kuchukua a au o ya Kirusi ambayo kwa sura ni ile ile kabisa, hiyo kwenye mfumo wa domeini jina lake huwa linaanza na xn-- na brauza za sasa mara nyingi zinakuonesha hivyo badala ya kuificha. Hukuletewa hiyo, tuiache.

Umeona ee, ukitaka kujifunza kila mbinu utachoka, na kesho watatunga nyengine. Kwaiyo kazi ya kulinganisha mpe kompyuta, yeye neno halimdanganyi. Njia nyepesi kuliko zote ni ile sehemu ya kutafuta ndani ya Gmail. Andika kwa mkono wako mwenyewe, sio kukopi, jina unalolijua:

```
from:molomarine.example
```

Zitakuja imeili zote za muuzaji wako za miaka yote. Ile ya akaunti mpya haitokuwemo. Afu fanya kinyume chake, ikopi anwani kutoka kwenye imeili mpya uitafute hiyo, utaona inakuletea mbili tatu za wiki hii tu na kabla ya hapo hakuna kitu. Mtu uliefanya nae kazi miaka, anwani yake imezaliwa wiki hii! Hapo huhitaji hata kujua ni herufi gani iliyochezewa.

Kama unatumia Excel kwa hesabu zako za duka, basi weka anwani ya zamani kwenye A1, uitoe kwenye invoisi ya karatasi uiandike kwa vidole, ya imeili mpya uikopi uiweke B1, na pembeni andika:

```
=A1=B1
```

Ikijibu FALSE bas si moja. Excel kwa fomula hii haijali kubwa na ndogo, na hapa ndo tunavyotaka, mana domeini nazo hazijali. Tahadhari ndogo, nafasi tupu ikiingia mwisho wakati wa kukopi nayo italeta FALSE, kwaiyo angalia hilo kabla hujamtia mtu hatiani. Na ile ya kuandika kwa vidole nimeisema makusudi, kuna mtu Mlandege alilinganisha vizuri kabisa akapata TRUE, kumbe ile "ya zamani" aliikopi kutoka kwenye maongezi yaliyokuwa chini ya imeili hiyo hiyo ya mwizi.

Hapo ndo tunafika kwenye kilichokuchanganya wewe, yale maongezi ya nyuma. Umejiambia huyu lazima awe yeye, mana anajua mpaka tulivyovutana bei. Lakini maongezi yaliyo chini ya imeili ni maandishi tu, anaeyashika anaweza kuyabandika na kuyahariri, na huyu kayahariri, kila palipokuwa na molomarine kwa chini kaweka mol0marine. Watazame na walotiwa kwenye Cc. Katika picha uliyonitumia kuna mtu wa uhasibu wa kule Dubai, nae anwani yake ina sifuri. Wewe ukijibu wote unadhani ofisi nzima ya muuzaji inakusoma, kumbe unaongea na mtu mmoja aliekaa viti viwili, na wenzio wa kweli hawajui kama kuna mazungumzo yanaendelea.

Swali zito kuliko la sifuri ni hili, maongezi kayapata wapi? Huwezi kuyabuni. Sanduku moja limefunguliwa, la kwako au la muuzaji, mtu akakaa kimya anasoma mpaka akaona mzigo unakaribia kulipwa, ndo akanunua jina. Kwaiyo anza na la kwako leo hii, na lifanyie kwenye kompyuta sio simu. Ndani ya Gmail nenda Settings, afu See all settings, afu fungua Forwarding and POP/IMAP, pale pasiwe na anwani usiyoijua inayopelekewa kopi ya barua zako. Karibu yake kuna Filters and Blocked Addresses, soma kila mstari, wanapenda kuweka amri kwamba imeili yoyote ikija kutoka kwa muuzaji wa kweli ipelekwe pembeni isikufikie, ili usije ukasoma yule wa kweli anauliza mbona kimya. Afu shuka chini kabisa ya ukurasa wa barua upande wa kulia, kuna neno Details, linakuonesha sanduku lilifunguliwa lini na kutoka nchi gani. Ukikuta kitu, ondoa hizo amri kwanza, ndo ubadilishe paswedi, uwatoe wote waliomo, na uweke uthibitisho wa hatua mbili. Ukibadilisha paswedi peke yake ukaiacha ile amri ya kupeleka kopi, ataendelea kukusoma bila hata kuingia. Ukikuta kwako kuko safi, mwambie muuzaji akague kwake, na mwambie kwa simu.

Jambo jengine kabla sijasahau. Hukusema kama ulishamjibu huyu mwizi. Kama ulimjibu hata mara moja, hata "sawa nimepokea", Gmail ishaiweka anwani yake kwenye kumbukumbu, na siku ukianza kuandika "sal" au "mol" itakupendekezea ile yenye sifuri, wewe unabonyeza tu. Ingia contacts.google.com, tafuta Other contacts, uifute.

Sasa hilo la kupiga simu. Anwani ikishindwa mtihani unajua ni mwizi, lakini anwani ikishinda mtihani hujajua kitu bado. Mana kama sanduku lililofunguliwa ni la muuzaji mwenyewe, mwizi anaweza kukaa humo humo akakuandikia kwa anwani ya kweli kabisa, herufi kwa herufi, na Excel itakwambia TRUE. Kuna na wanaotuma kutoka anwani ya kweli lakini wameweka Reply-To ya uongo, kwaiyo inayokuja ni halali na jibu lako ndo linapotea. Kwaiyo habari yoyote ya kubadilisha akaunti ya benki, hata iwe safi vipi, inathibitishwa kwa sauti, kwa namba uliyokuwa nayo kabla. Isiwe namba iliyo kwenye sahihi ya imeili hii, hiyo nayo kaibadilisha, ukipiga atapokea mtu mwenye Kiingereza kizuri sana atakwambia ndio ndio akaunti ni hiyo. Toa namba kwenye invoisi ya mwaka jana au kwenye kibandiko cha boksi la mashine ya mwanzo. Na usimuulize "akaunti ni hii?", mwambie yeye akusomee namba ya akaunti na jina la mwenyewe, wewe ukiwa na karatasi.

Jina la mwenye akaunti nalo litazame. Kampuni ya Dubai inayouza mashine, mara akaunti iko nchi nyengine kwa jina la mtu binafsi au kampuni ya jina jengine, maelezo yake eti "tunafanyiwa ukaguzi", hiyo peke yake inatosha kusimamisha malipo.

Ukitaka kumjua zaidi mwenye jina la uongo, ingia lookup.icann.org uandike domeini kamili, kwa majina ya .com na wenzake inakupa tarehe lilipoandikishwa na kampuni iliyoliuza. Kwa majina yanayoishia .tz, utafute kwa msajili wa majina hayo. Jina la mnunuzi mara nyingi utalikuta limefichwa, usihangaike nalo, tarehe ndo mali. Kampuni yenye duka miaka mingi na domeini ina siku tisa, hilo halihitaji mjadala. Ila domeini kuwa ya zamani haimaanishi ni safi, majina ya zamani yanauzwa pia, kwaiyo tarehe mpya inakupa jibu na tarehe ya zamani haikupi kitu.

Kwa mtu anaesoma hapa na pesa zishatoka, usimuandikie mwizi kumtukana wala kumbembeleza, kila saa ina thamani. Nenda benki yako ana kwa ana, waambie malipo ni ya utapeli na uombe wayarudishe kupitia SWIFT, na waiambie benki ya upande wa pili izuie akaunti. Inawezekana kama pesa bado imo, zikishatolewa ndo basi. Afu ripoti polisi, na wakikuomba ushahidi wape imeili yenyewe kama ilivyo sio picha ya skrini, kile kichwa kinachoonekana kwenye Show original ndo kina njia iliyopita.

Wewe ndugu yangu kwa vile hujatuma, usiifute hiyo imeili. Chukua hicho kichwa cha Show original, umpelekee muuzaji wako wa kweli kwa anwani uliyoiandika upya kwa vidole, au kwa wasap ya namba ya zamani. Yeye ndie mwenye haki ya kuilalamikia kampuni iliyouza jina hilo, kwenye majibu ya lookup.icann.org kuna anwani ya malalamiko imeandikwa abuse, na jina likifungwa mapema wateja wake wengine wanaosubiri mzigo hawatofikiwa. Na kabla hujampigia, andika kwenye karatasi akaunti uliyomlipa mara ya mwisho, uwe nayo mkononi atakapokusomea.